Spika za Bluetooth vyumbani: kanuni tatu, kila chumba kichague yake

Wageni wetu,

Habari za jioni. Barua hii nimeibandika nyuma ya mlango wa kila chumba cha pamoja cha hosteli yetu, na nakala nyingine iko mapokezi kwa anayependa kusoma akiwa ameketi. Ni ndefu, mniwie radhi. Ile fupi niliyoandika mwezi uliopita, "Tafadhali punguzeni sauti", haikusaidia kitu, maana kila mmoja aliisoma akiamini amekusudiwa mwenzake.

Wengi wenu mmesikia yaliyotokea chumba namba 4 usiku wa kuamkia Jumanne. Saa 8 na dakika kama 20, spika iliyokuwa juu ya kabati ilianza kunguruma kama matatu ya Rongai siku ya mwisho wa mwezi. Watu saba waliamka. Wa nane, mwenye spika yake, aliamka wa mwisho, na simu yake ilikuwa imezimika kwa kuishiwa chaji. Walimshambulia kwa maneno hadi nikapanda ngazi na tochi.

Kijana wa watu hakuwa na kosa. Mchana ule alikuwa amemwazima spika jirani wa chumba namba 2, na simu ya jirani ikaikumbuka. Usiku jirani, akiwa kitandani, alitaka kusikiliza muziki kwa hedifoni zake. Kwenye orodha ya simu kulikuwa na majina mawili yanayofanana, akagusa lisilo lake. Spika ilikuwa bado inawaka kwa sababu ilikuwa kwenye chaji, na simu ya mwenyewe ilipozimika ikabaki huru kumpokea yeyote inayemjua. Jirani akabonyeza wimbo, hakusikia kitu masikioni, akapandisha sauti. Hakusikia tena, akapandisha hadi mwisho. Alichokisikia ni kelele zinazotoka ukutani, akajisemea, "Hawa wa namba 4 hawana adabu," akajifunika mto.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta kanuni moja ya nyumba nzima, na nimeshindwa. Vyumba vyetu havifanani na watu wake hawafanani. Kwa hiyo naweka mezani kanuni tatu, kila chumba kichague moja. Nitazipima kwa maswali yaleyale manne, ili mwenye haraka aweze kulinganisha.

Maswali manne

La kwanza ni usingizi: aliyelala kitanda cha mbali zaidi na spika, ataendelea kulala? La pili ni ukuta: chumba cha pili kinasikia nini? La tatu ni mgeni wa leo, yule aliyeshuka basi la Mombasa alfajiri, ambaye hakuwapo mlipokubaliana lakini amelipa kitanda sawa na ninyi. La nne ni usimamizi: kanuni ikivunjwa, watu wa chumbani wataona wenyewe bila kubishana, au lazima niitwe mimi?

Kabla ya kanuni zenyewe, acheni niwaeleze tulichokiona Jumamosi, kwa sababu hukumu zangu nyingi zimetoka hapo.

Jaribio la chumba namba 3

Chumba kilikuwa kitupu mchana ule. Dada mmoja aliyekuwa akikaa kwetu, ambaye kazi yake ni kusimamia vyombo vya sauti kwenye harusi, alikubali kunisaidia. Chumba kina urefu wa mita 5 na upana wa mita 3 na nusu. Kina vitanda sita, yaani deka tatu za chuma. Chini ni vigae, kuta ni za mawe zilizopigwa plasta, na hakuna zulia. Tuliweka spika ya ukubwa wa kopo la soda kwenye kimeza kilichogusana na ukuta wa namba 4, tukacheza wimbo mmoja sauti ikiwa nusu, na tukapima kwa apu ya desibeli ya simu. Vipimo vya simu si vya kuapia, vinaweza kukosea kwa desibeli kadhaa, lakini kwa kulinganisha sehemu mbili za chumba kimoja kwa simu ileile vinatosha.

Mita moja kutoka kwenye spika tulisoma 66. Kwenye mto wa kitanda cha mwisho, mita nne hivi, tulisoma 61. Dada akaguna. Uwanjani, akanieleza, kila ukizidisha umbali mara mbili sauti hushuka kama desibeli 6, kwa hiyo kutoka mita 1 hadi mita 4 ingeshuka 12. Chumbani mwetu ilishuka 5 tu, kwa sababu vigae na plasta vinairudisha sauti badala ya kuimeza. Kwa hiyo ule utetezi wa "mimi niko kona hii, yeye yuko kona ile" hauna maana katika vyumba vyetu. Aliye kona ile anasikia karibu kama aliye kona hii.

Tukaenda namba 4 na kufunga milango yote miwili. Maneno ya wimbo hayakusikika kabisa. Kilichobaki kilikuwa besi, dum, dum, dum, kama mtu anayetwanga kisamvu nyumba ya pili. Sauti nyembamba huishia ukutani, ile nzito hupita. Dada akarudi, akaitoa spika mezani, akaiweka juu ya kiti katikati ya chumba, chini yake taulo lililokunjwa mara nne. Sauti hakuigusa. Namba 4 ile dum dum ikafifia mpaka nikalazimika kuweka sikio ukutani kuitafuta. Kimeza kilikuwa kimegeuka ngoma: spika ilikitetemesha, nacho kikatetemesha ukuta. Isitoshe, spika ikiwekwa ukutani, na zaidi ikiwekwa kona, besi yake huongezeka yenyewe bila mtu kugusa kitufe.

Cha kushangaza ni kwamba ndani ya namba 3 apu ilisoma karibu namba ileile kabla na baada ya taulo. Apu hizi kwa kawaida huipunguzia besi uzito wake, zikiiga sikio la binadamu, ambalo husikia sauti nzito kwa udhaifu zaidi kuliko nyembamba. Kwa hiyo mtu anaweza kunionyesha simu na kusema "meneja, iko chini ya kiwango", na jirani naye awe na haki ya kulalamika. Wote wawili wanasema kweli.

Jambo la mwisho tulilolijaribu ni ile "sauti nusu" ambayo kila mtu huisema. Tuliunganisha simu tatu kwa zamu kwenye spika ileile, kila moja ikiwa nusu, na tukapata sauti tatu tofauti. Kwa baadhi ya simu, mstari wa sauti wa simu na wa spika ni kitu kimoja. Kwa nyingine ni viwili vinavyozidishana, nusu ya simu juu ya robo ya spika, au nusu ya simu juu ya spika iliyojaa. Ndiyo maana katika barua hii hamtaona popote "asilimia 50". Kiwango cha namna hiyo hakimaanishi kitu watu wakiwa na simu tofauti.

Kanuni ya kwanza: saa maalumu

Spika zinaruhusiwa chumbani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku. Nje ya saa hizo ni hedifoni.

Najua mtauliza kwa nini saa 2 na si saa 4 usiku kama hosteli nyingine. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele na mtetemo za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, huhesabu usiku kuanzia saa 2 na dakika moja hadi saa 12 asubuhi. Ndani ya makazi kiwango cha juu ni desibeli 45 mchana na 35 usiku. Hata bila spika, dirisha likiwa wazi, matatu zinazopita hapa Ngara peke yake hutupitisha hiyo 35, kwa hiyo sitawadanganya kwamba tutaifikia. Lakini jirani wa jengo la nyuma akilalamika, mstari utakaotumika ni ule wa saa 2, na sisi hatuna mstari wetu wa kumwonyesha.

*Usingizi.* Wa usiku unalindwa vizuri. Wa mchana haulindwi hata kidogo. Kwetu wanalala wauguzi walio kwenye zamu za usiku, madereva wa watalii wanaoondoka kwenda Mara saa 11 alfajiri na kurudi wamechoka hoi, na wale waliosafiri usiku kucha. Kwao saa 9 alasiri ndiyo usiku wa manane.

*Ukuta.* Mchana mji wenyewe una kelele na besi humezwa humo. Kikwazo ni saa ya mwisho, kati ya saa 1 na saa 2 usiku, vyumba vyote vinapocheza pamoja kila kimoja kikijaribu kumzima jirani. Tumeshaliona hilo.

*Mgeni wa leo.* Haina utata. Anasoma mlangoni, anaangalia saa, amemaliza. Hata asiyejua Kiswahili anaelewa mchoro wa saa.

*Usimamizi.* Hapa inazishinda nyingine zote, kwani saa haibishani na mtu. Ila ina mtego wake: watu hugeuza muda kuwa leseni. "Bado saa 2 haijafika" imekuwa jibu kwa kila ombi, hata la mgonjwa. Chumba kikiichagua kanuni hii, nitaongeza kipimo cha mlango: ukisimama koridoni na mlango umefungwa, ukaweza kutambua maneno ya wimbo, sauti imezidi hata kama ni saa 8 mchana. Na spika ikae juu ya taulo, mbali na ukuta.

Inafaa chumba ambacho watu wake wana ratiba inayofanana: kundi la wanafunzi waliokuja kwa mashindano, wafanyakazi wa semina moja, au wasafiri wa masafa marefu ambao mchana kutwa wako mjini.

Kanuni ya pili: hedifoni tu chumbani

Hakuna spika inayolia chumbani saa yoyote. Muziki wa pamoja unahamia sebuleni chini, ambako kuna spika ya nyumba, hadi saa 2 usiku. Sauti ya simu yenyewe nayo ni spika. Video za kuchekesha saa 5 usiku zinahesabiwa.

*Usingizi.* Hakuna kanuni nyingine inayoifikia. Kasoro ni ndogo ndogo: hedifoni za wazi zinazovuja ile tsi-tsi-tsi, na mtu aliyeziba masikio anayeongea na simu kwa sauti ya kuita boda kwa sababu hajisikii mwenyewe. Kuna pia zile apu chache ambazo hedifoni zikizimika huendelea kucheza kwenye simu badala ya kusimama. Jaribuni yenu kabla ya kulala: zimeni hedifoni katikati ya wimbo muone simu inafanya nini.

*Ukuta.* Vyumba vya juu vinatulia kabisa. Lakini kelele haikufa, imehamishwa. Sebule imepakana na chumba namba 1, na wa namba 1 ndio watakaolipia utulivu wa wengine. Vyumba vya juu vikiichagua kanuni hii vyote, nitalazimika kuwapunguzia namba 1 bei au kuisogeza spika ya sebuleni uani. Nalisema wazi ili msinichagulie bila kujua.

*Mgeni wa leo.* Hii ndiyo inayomtendea haki zaidi. Akiingia saa 10 alfajiri au saa 10 jioni anakuta chumba kilekile, na hahitaji kumwomba mtu yeyote chochote.

*Usimamizi.* Rahisi. Ikilia, imevunjwa. Hakuna kupima, hakuna taulo. Gharama yake iko kwingine: si kila mtu ana hedifoni. Za waya zinapatikana mtaa wa Luthuli kwa bei isiyomuumiza mtu, ila simu nyingi za sasa hazina tundu la kuchomeka, hakikisheni kabla ya kulipa. Na nakiri kuna kinachopotea. Marafiki wanne wanaosikiliza mpira kwenye redio ya simu Jumamosi jioni hawawezi kugawana hedifoni moja, na chumba ambacho kila mtu amejiziba masikio ni chumba ambacho watu hawajuani majina hata baada ya wiki.

Inafaa chumba kikubwa cha watu wanane wanaoingia na kutoka kila siku, na chumba chochote chenye mtu wa zamu za usiku.

Kanuni ya tatu: kadi za kitandani

Hii ni yangu mwenyewe, kwa hiyo msomeni mwandishi kwa jicho la tahadhari. Kila kitanda kitaning'inizwa kadi yenye pande mbili, ya kijani na nyekundu. Spika inaruhusiwa kulia wakati wowote kati ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, mradi kadi zote za vitanda vyenye watu ni za kijani. Nyekundu moja tu, spika inazimwa na hakuna anayeuliza sababu. Anayelala hugeuza nyekundu kabla ya kulala. Kitanda ambacho mtu wake yuko nje hakihesabiwi. Akirudi kinahesabiwa.

Kadi ilinijia nilipoona jinsi ombi la mdomo linavyofanyika hapa. Mwenye spika anauliza, "Jamani, sauti haiwasumbui?" na watu wote wanajibu, "Hapana, hapana, cheza tu." Wiki iliyopita dada mmoja wa chumba namba 5 alijibu hivyo mbele yangu, tena akitabasamu. Baada ya nusu saa alikuwa mapokezi ananiuliza kama kuna kitanda chumba kingine. Hakutaka kuonekana mkorofi siku yake ya kwanza. Swali linaloulizwa wimbo ukiwa tayari unacheza, na linaloulizwa na mtu mkubwa kuliko wewe, si swali. Kugeuza kadi hakuhitaji kumtazama mtu usoni.

*Usingizi.* Ndiyo pekee inayomlinda anayelala mchana na bado ikaacha muziki chumbani. Inategemea mtu akumbuke kugeuza kadi akiwa amechoka, na si wote hukumbuka. Kwa hiyo tumeongeza: mtu aliyefumba macho ni nyekundu, hata kadi yake iwe kijani.

*Ukuta.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Kadi ni za ndani ya chumba. Watu sita wa namba 3 wanaweza kuwa kijani wote na namba 4 wanatwangiwa kisamvu. Kwa hiyo kadi haiendi bila taulo, kiti cha katikati na kipimo cha mlango. Jirani akibisha mara moja, hiyo nayo ni nyekundu.

*Mgeni wa leo.* Kitanda kipya huanza na nyekundu mpaka mwenyewe aigeuze. Hii itawaudhi waliozoea, kwani mtu akiingia na begi lake wimbo unakatika. Nimeona ni afadhali wao wasubiri dakika kumi kuliko yeye aingie kwenye karamu ya wenyewe.

*Usimamizi.* Inahitaji moyo wa chumba. Nyekundu inaonekana, hilo ni sawa, lakini wapo watakaomnunia mwenye nyekundu, na kuna siku mtu ataigeuza kwa kukomoana. Nimekubaliana na askari wa zamu kwamba kadi ikigeuzwa na asiye mwenye kitanda, chumba hicho kinarudi kwenye hedifoni kwa wiki nzima. Hatutachunguza aliyeigeuza, hatuna kazi ya upelelezi hapa.

Inafaa chumba cha watu wanne hadi sita wanaokaa wiki au zaidi, ambao tayari wanajuana kwa majina. Kwenye chumba cha watu wanane wanaobadilika kila siku haitafika Jumatano.

Yanayobaki kwa kanuni yoyote

Spika izimwe kwa kitufe chake kabla ya kulala. Kukata muunganisho kwenye simu hakutoshi, kama tulivyojifunza namba 4. Nyingi hujizima zikikaa kimya dakika kadhaa, lakini baadhi zikiwa kwenye chaji hazijizimi. Chajini mchana. Zile zinazotangaza kwa sauti ya mwanamke kwamba betri inaisha zina desturi ya kutangaza saa 9 usiku, na mara nyingi sauti hiyo haipunguzwi kwa simu.

Ukimwazima mtu spika, akiirudisha mwambie aifute kwenye simu yake papo hapo, kwenye orodha ya vifaa vya Bluetooth, mahali palipoandikwa "Forget" au "Unpair". Ukiweza, ipe spika yako jina jipya kwenye apu yake, jina la kitanda kwa mfano. Bluetooth haijui ukuta wala mlango. Spika hizi ndogo hufika mita 10 hivi, na hapo pana vyumba vitatu vya hosteli hii.

Na alamu. Simu nyingi za Android zikiwa zimeunganishwa na spika hupiga alamu pande zote mbili. Anayeamka saa 10 kuwahi safari akate Bluetooth kabla ya kulala. Simu za kupigiwa nazo huingia spikani. Mzee mmoja wa chumba namba 6 alipokea simu hivyo, na chumba kizima kikamsikia mke wake akiuliza pesa za chama zimekwenda wapi. Hakuna aliyecheka mbele yake, lakini nadhani alihama kwa sababu hiyo.

Mkiwa mmekwama

Kama hata mtu mmoja chumbani analala mchana kwa kazi yake, chukueni ya pili, au ya tatu kama mnajuana. Ya kwanza itamwonea.

Kama wote mnatoka asubuhi na kurudi jioni, ya kwanza inatosha na itawapunguzia maneno.

Kama chumba chenu kimepakana na namba 4 au na ngazi, angalieni swali la ukuta kabla ya mengine yote. Ya tatu bila taulo itawaletea ugomvi na majirani.

Kama mnapenda muziki wa pamoja lakini kitanda kimoja au viwili hubadilisha watu kila usiku, jaribuni ya kwanza chumbani na muziki mrefu mwende nao sebuleni. Namba 1, ninyi mje mnione kabla ya wengine hawajachagua.

Kama mmegawanyika nusu kwa nusu, msipige kura. Wanne dhidi ya wanne huacha wanne wenye kinyongo, na ndio hao watakaolala chini ya deka ya mwenye spika. Anzeni na ya pili kwa siku tatu, kisha zungumzeni tena mkiwa mmelala vizuri.

Karatasi ya majibu iko mapokezi chini ya kopo la kalamu. Andikeni namba ya chumba na namba ya kanuni, majina hayahitajiki. Nazichukua Ijumaa saa 2 usiku. Chumba kisichojibu kitabaki kwenye hedifoni hadi kijibu. Kadi na taulo za zamani za kuwekea spika nitazigawa Jumamosi asubuhi baada ya chai, na namba 3, lile taulo letu la jaribio bado liko kwenu, lirudisheni.

Wenu,
Meneja